Zamu mbili za usiku: namna mama na baba wa mtoto mchanga wanavyolindiana usingizi

Wazazi wapya wengi huanza kwa kukesha wote wawili. Mtoto akilia saa 6 usiku mama anaamka anyonyeshe, na baba naye anaamka akae pembeni, maana anaona vibaya kulala wakati mwenzake anahangaika. Ni upendo, lakini kunapokucha wote wako hoi, na wiki haijaisha wameanza kuvimbiana kwa jambo dogo kama pampasi iliyoachwa sakafuni. Mimi ni mkunga, na wazazi wa namna hii nawaona kliniki ya siku ya 7, mama macho mekundu na baba anasinzia kwenye benchi. Ninachowaambia ni hiki: usiku ukateni vipande viwili. Katika kila kipande mmoja amshike mtoto, mwingine alale kweli.

Nitaeleza namna ya kufanya hivyo kwa hadithi ya wazazi wawili wa kubuni, tuwaite Mama Neema na Baba Neema. Wamepanga chumba na sebule Tandika, Dar es Salaam. Baba ni seremala, kazi yake iko Keko kwenye karakana za samani, na anashinda kwenye msumeno wa mashine. Neema ni mtoto wao wa kwanza, kazaliwa kwa njia ya kawaida na uzito wa kilo 3.1. Sheria ya kazi Tanzania inampa baba likizo ya uzazi ya siku 3 tu, kwa hiyo mtoto hajakauka kitovu na baba amesharudi kazini. Mtu anayesukuma mbao kwenye msumeno bila kulala anaweza kupoteza vidole. Usingizi wa baba nao una hesabu yake, na usiku ugawanywe tukijua hivyo.

Hatua ya 1: Chagueni saa, kila mmoja apate kipande kisichokatwa

Kosa la kwanza ni kugawana kazi badala ya kugawana saa. "Wewe ukiamka safari hii, mimi nitaamka safari ijayo" inaonekana haki, lakini mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku na mchana. Mkipokezana kila anapoamka, kilio kitawaamsha wote wawili, na hakuna hata mmoja atakayelala zaidi ya saa mbili au tatu mfululizo, na hata hizo atazilala sikio likiwa wazi.

Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na ule mzito unaopumzisha mwili huja zaidi katika mizunguko ya mwanzo. Anayeamshwa kila saa anarudishwa mwanzo kila mara. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa kitandani saa 8 na bado akaamka kama hakupata hata lepe la usingizi. Kipande cha saa 4 hadi 5 kinatosha mizunguko mitatu hivi. Hicho ndicho cha kulinda. Vijisaa vingine vya alfajiri na mchana ni nyongeza.

Mama na Baba Neema walianzia kwenye saa ambayo haiwezi kusogezwa: baba anaondoka nyumbani saa 1 asubuhi. Wakahesabu kurudi nyuma. Baba alale saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mama alale saa 2 usiku hadi saa 7 usiku. Kwa hiyo zamu ya baba ni kuanzia saa 2 hadi saa 7, na ya mama ni kuanzia saa 7 mpaka kunapambazuka. Baba akirudi jioni, kabla ya kuoga na kula, anajilaza saa moja. Mama anapata usingizi mwingine asubuhi, bibi akiwepo.

Kwa kawaida mimi napendelea mama apewe kipande cha mwanzo wa usiku. Mwili wake unatoka kujifungua. Lakini kama baba ni dereva wa daladala anayetoka saa 10 alfajiri, mgawanyo huo utamponza. Yeye alale saa 2 hadi saa 9, mama achukue mwanzo wa usiku, na kipande cha mama kitafutwe asubuhi kwa msaada wa ndugu. Abiria wasije wakalipia usiku wenu.

Mama Neema aliona aibu kwenda kulala saa 2, majirani bado wanapika. Mumewe akamwambia, "Mama Neema, vyombo niachie. Saa 7 nitakuamsha, na mimi sitaongeza hata dakika."

Hatua ya 2: Zungumzeni na bibi mapema

Hatua hii haimo kwenye vipeperushi vya kliniki, lakini ndiyo inayovunja zamu katika nyumba nyingi. Wiki ya kwanza mama yake Mama Neema alikuja kumuuguza mwanawe kwa ajili ya arobaini. Bibi akalala kitandani na binti yake na mjukuu, na Baba Neema akapelekwa kwenye kochi sebuleni. Ndivyo ilivyozoeleka, na ina faida zake: mama anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, anafundishwa kumweka mtoto kwenye titi. Lakini bibi kavuka miaka sitini. Siku ya nne alikuwa anasinzia huku amempakata mtoto.

Baba Neema alikwenda kwake kwa adabu, jioni, wakiwa wamekaa. "Mama, shikamoo. Nina ombi. Mchana wote unashinda na mtoto, na usiku hulali. Naomba usiku niushike mimi na mwenzangu. Wewe utusaidie mchana, maana mimi mchana sipo."

"Marahaba. Lakini mkwe, wanaume na watoto wachanga wapi na wapi?"

"Nifundishe leo, Mama. Nisipoweza, nitakuita."

Alimfundisha kweli: kubadilisha nepi, kufunga khanga isimkabe mtoto, kumcheulisha begani. Baada ya hapo bibi akawa analala Mbagala kwa mwanawe mwingine, anakuja saa 1 asubuhi na kuondoka baba akishaamka kwenye usingizi wake wa jioni. Mpangilio huu ulimpa Mama Neema saa mbili za kulala kila asubuhi, saa 2 hadi saa 4, na hapo bibi anamwamsha tu mtoto akitaka kunyonya. Kwa nyumba ya vyumba viwili ulitatua na jambo jingine: baba hakulazimika kukesha sebuleni mahali alipolala mama mkwe wake.

Kama bibi hayupo, tafuteni mtu mmoja wa asubuhi, dada, shangazi au jirani mnayemwamini, hata kwa saa mbili.

Hatua ya 3: Andaeni vyumba viwili, cha usingizi na cha zamu

Aliye zamu asilazimike kumuuliza aliyelala chochote. "Pampasi ziko wapi?" ni maneno matatu tu, lakini yanafuta usingizi wa saa nzima. Kabla ya saa 2 usiku Baba Neema anapanga sebuleni beseni lenye pampasi nne, pamba, maji safi ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, khanga tatu kavu, nguo moja ya kubadilisha na mfuko wa taka. Chupa inakaa mezani, mbali na mahali mtoto anapolazwa, na maji anayapima kwa kiwiko kabla hayajamgusa mtoto.

Mtoto analala sebuleni na aliye zamu, chini ya chandarua chake, juu ya godoro gumu lisilobonyea, chali, bila mto wala blanketi zito wala midoli. Kulala chali kunapunguza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Wasiwasi kwamba atapaliwa akicheua haupaswi kuwafanya mmlaze kifudifudi, maana mtoto mzima wa afya akiwa chali hugeuza kichwa au humeza mwenyewe.

Taa kubwa ya sebuleni inazimwa. Inabaki taa ndogo inayotosha kuona rangi ya mtoto na kifua kinavyopanda na kushuka. Simu ya aliyelala inakaa kwa aliye zamu, imezimwa sauti. Chumbani feni inawashwa, kwa joto na pia kwa mvumo wake unaofunika sauti ndogondogo. Watoto wachanga huguna, hukoroma na kujinyoosha wakiwa usingizini, na mama anayesikia kila mguno hatalala hata kitandani akiwa peke yake.

Mwenye chumba kimoja tu anaweza pia. Tundikeni pazia la khanga katikati, aliyelala awe upande wa mbali na mlango, na mtoto akianza kulia kwa nguvu aliye zamu atoke naye koridoni. Haitakuwa kimya kama vyumba viwili, lakini mwili hujifunza upesi kutambua kwamba kilio hiki si changu kukijibu.

Hatua ya 4: Wiki nne za mwanzo, mama atoe titi tu

Watu wengi hukwama hapa. Wanasema, zamu zitawezekanaje wakati mtoto ananyonya na baba hana maziwa? Basi tazameni jambo la kunyonyesha usiku mmoja lilivyo. Mama anasikia kilio, anaamka, anawasha taa, anatafuta pampasi, anabadilisha, anaosha mikono, ananyonyesha, anacheulisha, anabembeleza, mtoto anamtapikia, anabadilisha tena. Inakwisha saa nzima na usingizi umeshapaa. Katika saa hiyo, kazi ambayo ni ya mama peke yake ni dakika 20 au 30. Nyingine zote baba anaziweza.

Huu hapa usiku wao wa siku ya 9. Saa 2 kasoro Mama Neema alimnyonyesha mtoto matiti yote mawili, akampa mumewe, akaingia chumbani. Saa 2 na robo alikuwa kalala. Baba akamcheulisha Neema, akambeba wima begani kwa robo saa, akamlaza.

Saa 4 na dakika 40 Neema alianza kugeuza kichwa huku na huku, mdomo wazi, akatia ngumi mdomoni na kuinyonya. Hizo ndizo dalili za njaa. Kilio huja mwisho, na mtoto aliyefika kilioni anakuwa mgumu kushika titi. Baba hakungoja kilio. Kwanza alibadilisha pampasi, kwa sababu kubadilishwa kunamchangamsha mtoto anyonye vizuri, na pia hakutakuwa na haja ya kumsumbua akishashiba. Kisha akamleta chumbani gizani, akamgusa mkewe bega. Mama Neema akageuka ubavu bila kusema neno, akavuta gauni, baba akamlaza mtoto ubavu, tumbo kwa tumbo na mama, pua ikitazama chuchu. Mdomo ukafunguka mpana, akashika.

Baba alikaa pale pale ukingoni mwa kitanda, macho wazi, kwa dakika 25. Kukaa kwake ndiyo kinga ya jambo zima. Mama anaruhusiwa kusinzia akinyonyesha kwa ubavu kwa sababu kuna mtu macho ambaye anaangalia pua ya mtoto isizibwe na titi, na ambaye atamwondoa akimaliza. Midomo ilipolegea alimwinua, akatoka naye, akafunga mlango. Mama Neema alikuwa amesharudi usingizini. Asubuhi alisema anakumbuka kama ndoto.

Usiku ule kipande chake kilikatwa mara moja tu, tena kwa kugeuka ubavu.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia wiki hizi. La kwanza, watoto wachanga hupungua uzito kidogo siku za mwanzo na wengi huurudisha kati ya siku ya 10 na 14. Mpaka uzito wa kuzaliwa urudi, mtoto asiachwe alale zaidi ya saa tatu bila kunyonya, hata kama amelala fofofo. Kumwamsha ni kazi ya aliye zamu: mvue nguo kidogo, msugue nyayo, mbadilishe. La pili, maziwa ya mama hutengenezwa kadiri yanavyotolewa, na homoni inayoyatengeneza huwa juu zaidi usiku. Basi msijaribu kumpa mama saa 5 bila kunyonyesha kabisa katika wiki hizi. Matiti yatajaa na kuuma, na maziwa yenyewe yanaweza kupungua.

Aliyejifungua kwa upasuaji anahitaji zamu hii kuliko wote. Asiinuke wala kumnyanyua mtoto kutoka chini. Aletewe alipo, na mto uwekwe kati ya mtoto na kidonda.

Hatua ya 5: Mtoto akilia na si njaa

Jioni na saa za mwanzo wa usiku ndipo watoto wengi hulia bila sababu ya kuonekana, na kilio cha namna hiyo huongezeka hadi kufikia kilele karibu na wiki ya 6 kabla ya kupungua. Kwa mpangilio wetu mzigo huo unamwangukia baba, na ni vema ajue hivyo mapema asije akadhani mtoto hampendi.

Fuateni mfuatano mmoja kila mara. Je, kachafuka? Je, ana gesi? Mwekeni wima, tumbo kwenye bega lako, umguse mgongo taratibu kutoka chini kwenda juu. Je, ana joto au baridi? Gusa shingo na kifua, si vidole, kwa kuwa vidole vya mtoto mchanga huwa baridi mara nyingi. Kisha ngozi kwa ngozi: baba anavua shati, mtoto anabaki na pampasi, analazwa kifuani kwa baba na khanga inamfunika mgongo. Baba Neema alikuwa anatembea hivyo kutoka mlangoni hadi dirishani huku anahesabu hatua kwa sauti ya chini. Sauti nzito ya kifua cha mwanaume huwatuliza watoto wengi.

Ikifika mahali hasira inapanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje, nawa uso, vuta pumzi dakika tano. Kilio cha dakika tano hakimdhuru. Kumtikisa mtoto kunamdhuru: ubongo wake unaweza kuvuja damu kwa mtikiso wa sekunde chache. Na kama dakika tano hazikutosha, mwamshe mwenzako. Zamu haina maana ya kufa na tai shingoni.

Hatua ya 6: Kukabidhiana saa 7

Makabidhiano yawe mafupi na yaandikwe. Mama Neema akiamshwa saa 7 hayuko katika hali ya kusikiliza habari ndefu. Daftari dogo lilikaa juu ya beseni. Ukurasa wa usiku ule wa siku ya 9 ulisomeka hivi:

*2:00 kanyonya yote mawili. 2:20 kacheua kidogo. 4:40 mkojo mwingi, kanyonya kushoto dk 25. 5:45 kinyesi cha njano. 6:10 kalia, gesi, katulia kifuani. Aanzie kulia.*

Mistari hiyo inamwonyesha mama titi la kuanzia, na kliniki inapata jibu la swali tunalouliza daima: mtoto anakojoa mara ngapi? Kuanzia siku ya 5, nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24 ni dalili kwamba maziwa yanamtosha.

Baba akishakabidhi, anakwenda kitandani saa ile ile. Asikae kusaidia "kidogo tu", asiangalie simu. Nimeona wanaume wengi wanaoharibu zamu kwa wema, wanakaa na mke mpaka saa 9 halafu saa 1 asubuhi wako barabarani. Mama naye asimwamshe kwa jambo analoliweza, hata kama moyoni anaona kazi haijagawanyika sawa.

Hatua ya 7: Zamu ya mama na hatari ya kusinzia

Kuanzia saa 7 mama yuko peke yake, hana mtu wa kukaa ukingoni mwa kitanda. Kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri mwili wa binadamu unataka kulala kwa nguvu zote, na hapo ndipo penye hatari.

Mahali pabaya kuliko pote pa kusinzia na mtoto ni kochi. Mtoto huteleza kati ya mwili wako na mto wa kochi, akakosa hewa bila hata kulia. Kwa hiyo Mama Neema hanyonyeshi kwenye kochi alfajiri. Anakaa kwenye kiti kigumu chenye mgongo, au kwenye godoro la chini lililotandikwa shuka ya kubana, bila mito wala mablanketi karibu na mtoto. Nafahamu kwamba akina mama wengi hapa kwetu hulala na watoto wao kitanda kimoja, na siwezi kuandika kana kwamba sijui. Kama mmeamua hivyo, basi isiwe pale ambapo yeyote kitandani anavuta sigara, amekunywa pombe au ametumia dawa za kulevya au za usingizi, wala kama mtoto alizaliwa njiti au na uzito mdogo. Na mama akiona kope haziinuki tena, amlaze mtoto mahali pake kwanza. Akishindwa hata hilo, amwamshe baba. Nusu saa ya baba inapotea, ni bei ndogo.

Hatua ya 8: Kuanzia wiki ya 5, mlo mmoja kwa kikombe

Mtoto akishashika titi vizuri na uzito unapanda, kile kipande cha mama kinaweza kuwa kizima bila hata kugeuka ubavu. Baba anampa Neema mlo wa saa 4 na nusu kwa maziwa yaliyokamuliwa.

Mama Neema anakamua saa 1 na nusu usiku, mtoto akishanyonya upande mmoja. Ananawa mikono kwa sabuni, anakanda titi, anaweka kidole gumba juu na vidole vingine chini ya ile sehemu nyeusi, anasukuma kuelekea kifuani, kisha anabana na kuachia, anabana na kuachia, akizungusha vidole ili kila upande utoke. Siku za kwanza alipata kijiko au viwili tu. Hiyo ni kawaida, maziwa yalipatikana kidogo kidogo kwa kukamua pia asubuhi, matiti yakiwa yamejaa, na kuweka kwenye friji ya jirani. Mtoto wa umri huu hunywa kama mililita 75 hadi 95 kwa mlo mmoja, yaani chini ya nusu ya kikombe cha chai.

Kwa joto la Dar es Salaam maziwa ya mama yaliyofunikwa kwenye chombo safi hukaa saa 4 nje ya friji. Yaliyokamuliwa saa 1 na nusu ni salama mpaka saa 5 na nusu, kwa hiyo yakishatosha mlo huu mmoja hamhitaji friji, wala umeme ukikatika hauwatishi. Yakiwa ya baridi, chombo kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya moto. Yasichemshwe jikoni.

Tumieni kikombe kidogo, si chupa ya chuchu. Kikombe huoshwa kikatakata, chupa hubakiza uchafu kwenye mikunjo na kuleta kuhara. Mtoto akae karibu wima kwenye mapaja, mikono imefungwa kwa khanga, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini na maziwa yafike midomoni tu. Msimmiminie. Atalamba na kunywa kwa kasi yake, atapumzika, ataendelea. Baba Neema usiku wa kwanza alimwaga robo ya maziwa kifuani kwa mtoto. Usiku wa tatu haikumwagika hata tone la kulowesha khanga. Yatakayobaki kikombeni yasihifadhiwe kwa mlo unaofuata.

Mama akiamka saa 7 anyonyeshe mara moja au akamue, kwa sababu matiti yatakuwa yamejaa. Akiona sehemu ngumu, nyekundu, yenye joto, na homa imempanda, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na aendelee kunyonyesha. Na wale wanaotegemea kunyonyesha kama njia ya kuzuia mimba katika miezi 6 ya mwanzo wajue kwamba njia hiyo inataka hedhi iwe haijarudi, mtoto asipewe kitu kingine, na pengo la usiku lisizidi saa 6. Mlo wa kikombe unaipunguza nguvu. Ongeeni na mkunga kuhusu njia nyingine kliniki ya siku ya 42.

Yanayovunja zamu papo hapo

Aliye zamu amwamshe mwenzake bila kusita, na safari ya hospitali ianze usiku huo huo, mtoto akiacha kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, joto likifika nyuzi 37.5 au mwili ukiwa wa baridi usiopata joto hata kifuani kwa mzazi, akilegea asiitikie anapoguswa, au viganja na nyayo zikiwa za njano.

Kwa mama, ni damu nyingi, maumivu makali ya kichwa pamoja na macho kuona ukungu, au homa.

Kuna dalili moja ambayo zamu hizi huifichua kuliko mpangilio mwingine wowote. Mama amepewa saa 5, mtoto yuko salama sebuleni, mlango umefungwa, na bado usiku baada ya usiku hapati usingizi kabisa, macho kwenye dari. Au anasikia sauti, anaongea mambo yasiyoungana, anasema mtoto si wake, anafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto. Huo ni ugonjwa, unatibika, na akionyesha hayo ya mwisho ni dharura ya leo. Asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika moja. Huzuni na machozi ya siku chache za mwanzo huja na kuondoka, lakini yakipita wiki mbili apelekwe kituoni.

Kubadilisha zamu

Kaeni pamoja kila Jumapili mchana, si saa 7 usiku, mwangalie daftari. Kadiri miezi inavyokwenda mtoto huanza kuunganisha saa nyingi za kulala, mara nyingi mwanzo wa usiku. Neema alipofika miezi mitatu alikuwa analala saa 3 hadi saa 7 bila kuamka, kwa hiyo zamu ya baba ikawa ya kulala karibu na mtoto tu, na wakaongeza saa moja kwenye kipande cha baba. Baba akiwa na kazi ya mbali wiki nzima, dada mtu mzima wa nyumbani au shangazi achukue saa 2 hadi saa 7 kwa maelekezo haya haya, beseni na daftari vikiwa mahali pale pale. Mmoja akiugua, mwingine asijaribu kubeba usiku wote peke yake kwa zaidi ya siku mbili. Piga simu Mbagala, bibi aje.